Ujumbe wa msiba, neno kwa neno

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki mashairi na hadithi. Safari hii naleta maandishi ya mistari michache tu, yaliyotumwa kwa simu. Mwandishi wake ni kijana wa Bukavu anayeshona nguo kwenye karakana moja hapa Naguru. Aliyeandikiwa ni dada anayekaa mashine ya pili, naye amekulia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, akasoma huko. Mama yake amefariki hukohuko, na nauli ya kwenda kuzika haikupatikana. Wote wawili wameniruhusu niuchambue ujumbe huu, mradi nisiwataje majina. Huu hapa, kama ulivyotumwa:

"Habari dada. Nimesikia mama yako amekufa jana. Nasikia vibaya sana. Wewe ni mfanyakazi wangu mzuri na kifo ya mama yako imeniuma. Pole kwa yote iliyotokea. Jikaze, usilie sana. Mungu amlaze roho yake mahali mwema. Rambirambi yangu mingi. Utarudi kazi siku gani?"

Moyo wa kijana unaonekana, hilo halina ubishi. Lakini ujumbe huu ulisomwa kwa sauti mbele ya jamaa waliokuja kumpa pole, na mjomba mmoja akauliza: "Huyu ni bosi wako?" Swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini na kalamu.

Nianze na hilo la bosi. "Mfanyakazi wangu" ni mtu niliyemwajiri mimi, ninayemlipa mimi. Mtu tunayefanya kazi pamoja ni "mfanyakazi mwenzangu". Hiyo "mwenza" ikikosekana, aliye sawa na wewe anashuka chini yako. Na ukiongeza "mzuri", inakuwa kama barua ya tajiri anayesifu kibarua. Kisha linakuja swali la mwisho, utarudi kazi siku gani. Mjomba hakukosea kusikia alichosikia. Swali la namna hiyo halina nafasi kwenye rambirambi, hata likiulizwa kwa nia safi. Kama kazi lazima itajwe, itajwe kwa kumwondolea mzigo: mambo ya kazini yasikusumbue, tupo.

Sasa turudi mwanzo. "Habari" ni swali, na jibu lake limezoeleka: nzuri, njema. Aliyefiwa unamlazimisha aseme uongo au akae kimya. Kwa mwenye msiba neno la kwanza ni "pole", na hiyo pole inasimama mahali pa salamu.

"Mama yako amekufa" ni kweli, lakini ni ukweli mkavu. Kufa tunasema kwa kuku, kwa simu iliyokwisha chaji, kwa mti. Kwa mzazi wa mtu tunasema amefariki, ameaga dunia, ametutoka. Iko njia nzuri zaidi, nayo imo ndani ya kitenzi chenyewe. Kutoka kufa tunapata kufia, na kutoka kufia tunapata kufiwa. "Umefiwa na mama": anayetangulia kwenye sentensi ni yule aliyebaki, yule unayezungumza naye. Kifo kinatajwa kama jambo lililompata yeye. Ndiyo maana "pole kwa kufiwa na mama" inaingia moyoni kuliko taarifa kwamba fulani amekufa, taarifa ambayo yeye aliipata kabla yako.

Tazama pia kwamba nimesema "mama" tu, nikaacha "yako". "Mama yako" si kosa la sarufi. Lakini kulirudia mara mbili kunamweka marehemu mbali na wewe, na sote tunajua maneno hayo yanavyosikika watu wakigombana. Ukisema "mama", unakuwa umeingia kidogo kwenye ile familia.

"Nasikia vibaya" inaeleweka kama mtu anaumwa tumbo. Sema nimesikitika, au nimepokea taarifa kwa huzuni kubwa.

Sasa upatanisho. "Kifo ya mama imeniuma": kifo ni ki-/vi-, kwa hiyo kifo cha mama kimeniuma. "Yote iliyotokea": yote yaliyotokea. Hapa nisimwonee kijana. Kiswahili chetu cha Bukavu na Goma kinapenda kutumia "ya" na "i-" karibu kila mahali, na ukisema "kifo ya mama" kule nyumbani hakuna atakayegeuka kukutazama. Akimwandikia shangazi yake Bukavu, aandike hivyo. Lakini dada huyu na jamaa zake masikio yao ni ya Kigoma, na rambirambi huandikwa kwa masikio ya anayeipokea.

Kosa la "amlaze roho yake" ni la aina nyingine, maana hata Watanzania wanalifanya. "M" ni ya mtu, na roho inashika "i". Kwa hiyo ama umlaze mtu, "Mungu amlaze marehemu", ama uilaze roho, "Mungu ailaze roho ya marehemu". Chagua moja. Na "mahali" ina upatanisho wake yenyewe, wa "pa": mahali pema. Kifungu kizima ni "mahali pema peponi", na hakibadilishwi, kama vile huwezi kubadilisha jibu la salamu. Lakini kina mpaka wake. Yapo makanisa ya kilokole hapa Kampala ambayo hayaombei waliokufa, na familia ya huko inaweza kukikataa. Ukiwa hujui imani ya nyumba hiyo, waombee walio hai: Mungu awape faraja. Hilo hakuna anayelikataa.

"Rambirambi" huhesabiwa kwa wingi: rambirambi zangu, si yangu, na "mingi" haiingii kabisa. Kawaida husemwa "salamu za rambirambi". Mjue pia kwamba kwa Watanzania rambirambi ni hata pesa inayopelekwa kwenye msiba, ile ambayo Waganda wanaiita mabugo. Ukiandika "rambirambi nyingi", mtu anaweza kusubiri bahasha.

Limebaki "jikaze, usilie sana". Hapa Naguru ndipo yalipo makao makuu ya polisi, na kwa miaka mingi watu wengi wa Uganda wamekijua Kiswahili kama lugha ya askari: simama, kaa chini, lete. Ukimwambia mfiwa jikaze, anasikia amri. Peleka kitenzi kwa Mungu: akutie nguvu, akupe moyo wa kuvumilia. Na kulia mwache alie.

Basi ujumbe wenyewe ungeweza kuwa hivi:

"Dada, pole sana kwa kufiwa na mama. Nimepokea taarifa ya kifo chake kwa huzuni kubwa. Mimi mfanyakazi mwenzako nakuletea salamu zangu za rambirambi, wewe na familia nzima. Poleni kwa msiba huu. Mungu awape faraja na nguvu, na ailaze roho ya mama mahali pema peponi. Amina. Mambo ya kazini yasikusumbue, tupo. Jioni nitakuja tukae."

"Pole" ya kwanza ni yake peke yake. "Poleni" ni ya wote, pamoja na mjomba. Na sentensi ya mwisho nimeiongeza mimi, kwa sababu kilio cha Kigoma hakuna aliyeweza kukifikia, wala dada mwenyewe. Kwa watu kama sisi, tunaozika kwa simu, mwenzako wa mashine ya pili ndiye jirani wa msiba. Ila mtu asiiandike kama jioni hiyo hatakwenda.