Glasi za Wazazi Ukumbini

Katika sherehe za pete Kariakoo na mitaa inayoelekea Feri, sifa nyingi humwendea mshenga, lakini wazazi wanaposimama na glasi nao wanastahili pongezi. Posa hupelekwa sebuleni, na mahari hujadiliwa na wazee wachache, kila upande ukitetea chake. MC anapowaita wazazi wa pande zote mbili mbele, majadiliano hayo hufungwa: baba wa kijana huwashukuru wakwe kwa malezi, mama wa binti humwita kijana mwanangu, kisha glasi za juisi au soda hugonganishwa. Ahadi iliyokuwa ya watu wachache sasa ina mashahidi ukumbi mzima.

Wapo wanaosema huo ni uzungu, tena wa mapema, kwani pete si ndoa. Kwa hoja ya kwanza, glasi ndizo za kuiga, lakini kupokeana mbele ya watu ni desturi yetu ya zamani. Hoja ya pili, kwamba pete si ndoa, ina uzito. Sheria ya Ndoa ya 1971 humruhusu aliyeingia hasara kwa ahadi iliyovunjwa kudai fidia, lakini haimlazimishi mtu kuoa. Ndiyo maana wazazi wenye busara husema “Mungu akijalia,” na hawataji kiasi cha mahari wala gharama za ukumbi. Akitaja, baba amerudisha mezani hesabu iliyokwisha, na wakwe hujisikia wadaiwa. Asipotaja, hata uchumba ukivunjika, familia hizo zinaweza bado kusalimiana sokoni.