Kurasa Zinaporudi Moja Katikati ya Ripoti

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iandae mpango jumuishi wa maendeleo wa miaka mitano, na wa Kitui ni wa 2023 hadi 2027. Nyaraka za aina hiyo huwa na majedwali mapana yasiyotoshea karatasi iliyosimama wima. Mara nyingi hapo ndipo hesabu ya kurasa hukatika.

Tuseme rasimu ina kurasa za utangulizi i hadi xii, kisha sura ya kwanza inaanza na 1. Baada ya ukurasa wa 46, mwandishi anaingiza jedwali la miradi ya wadi 40. Ili lilale ubavu, anaweka Section Break (Next Page) kabla yake na nyingine baada yake. Jedwali sasa linaanza na 1, na maelezo yanayolifuata nayo yanaanza na 1. Mwakilishi wadi akiwaomba wenzake wafungue ukurasa wa 3, kila mmoja anaweza kufungua wake.

Chanzo kiko nyuma, mwanzoni mwa sura ya kwanza. Microsoft Word huhifadhi maagizo ya kurasa kwa kila sehemu, na ukigawa sehemu moja, vipande vyote hurithi maagizo yake. Sehemu ya 2 ilikuwa imeagizwa Start at 1 ili iachane na namba za Kirumi. Ilipogawanywa vipande vitatu, kila kimoja kilipata agizo hilo.

Wengi hukimbilia Link to Previous. Hiyo huunganisha maandishi ya kijachini tu, haigusi hesabu. Wengine hufuta mpaka wa sehemu ulio kabla ya jedwali, na hilo ni baya zaidi: maagizo ya sehemu hukaa kwenye mpaka unaoifunga, kwa hiyo ukiufuta, kurasa zilizotangulia huchukua umbo la zinazofuata. Kurasa 46 zilizosimama wima hulala ubavu zote.

Dawa ni hii. Bofya mara mbili kwenye kijachini cha jedwali, fungua Page Number, kisha Format Page Numbers, uchague Continue from previous section. Fanya vivyo hivyo katika sehemu inayofuata jedwali, kwa kuwa badiliko la kwanza haliifikii. Sehemu ya 2 iache na 1 yake. Ikiwa namba zinaendelea lakini kwa Kirumi, rekebisha Number format papo hapo.

Ili kuhakiki, bofya kulia upau ulio chini ya dirisha na uwashe Section na Formatted Page Number, upitie kila mpaka. Mwisho bofya ndani ya orodha ya yaliyomo na ubonyeze F9, maana orodha hiyo hubaki na namba za zamani hadi uisasishe.

Anayeanza ripoti mpya anaweza kukwepa kazi hii yote kwa kuweka mipaka ya majedwali kwanza, kisha ndipo aiagize sura ya kwanza ianze na 1. Agizo litakaa katika sehemu hiyo moja, na zinazofuata zitaendeleza hesabu.