GIMP 3.0 Chini ya Mwembe: Mabaka ya Jua Usoni Yamepata Dawa

Kuna herufi mbili ndogo, `fx`, zinazojitokeza kando ya jina la leya ndani ya GIMP 3.0. Kwa sisi tunaosafisha picha za watu waliopigwa chini ya miti, herufi hizo zinashinda kila kitu kingine kilichokuja na toleo hili. Nimeifungua programu, nimeipa picha ngumu kuliko zote nilizokuwa nazo, na bado moyo haujatulia! Toleo lenyewe lilitoka Machi 2025, karibu miaka saba baada ya 2.10, na ni la bure kama ilivyo desturi ya GIMP. Zamani ukiweka `Curves` na kubonyeza sawa, mabadiliko yaligandia kwenye picha moja kwa moja. Sasa filta inakaa juu ya leya ikikungoja. Unaendelea na kazi nyingine, kisha ukitaka unairudia, unaifungua na kuisogeza upya.

Picha niliyoichagua imepigwa Muheza, saa saba mchana. Bibi ameketi kwenye mkeka chini ya mwembe, mjukuu yuko ubavuni mwake, na majani yamepitisha jua vipande vipande juu ya nyuso zao. Shavu la kushoto la bibi lina baka kubwa, paji la uso lina mawili madogo, na kidevuni kuna mchirizi uliokatwa na ukingo wa jani. Alipoonyeshwa picha, bibi aliuliza, “Mjukuu wangu, mbona mmenitoa madoa kama chui?” Alikuwa na haki kabisa ya kuuliza.

Kabla ya kugusa brashi, yatazame mabaka yenyewe kwa karibu. Mengi ni ya mviringo, ingawa nafasi kati ya majani hazina umbo hilo hata kidogo. Kila baka la mviringo ni taswira ya jua, iliyopenya kwenye tundu dogo na kuangukia ngozi. Ndiyo maana jua likipatwa, chini ya miti hutapakaa miezi miandamo. Jambo hili lina faida kubwa kwa msafishaji, kwa sababu linaeleza ukingo wa baka. Jua lina upana wa takriban nusu digrii angani, kwa hiyo ukingo wa kivuli hutawanyika karibu sentimeta moja kwa kila mita moja kati ya jani na uso. Tawi lililo mita tatu juu hutoa ukingo laini wa sentimeta tatu hivi. Jani lililoning’inia nusu mita tu juu ya kichwa hutoa ukingo mkali wa milimita tano. Katika picha yetu uso wa bibi una upana wa pikseli 700 hivi, yaani kama pikseli 50 kwa sentimeta. Basi baka la shavuni, lililotokana na tawi la juu, linafifia ndani ya pikseli zipatazo 150, na mchirizi wa kidevu, uliotokana na jani la karibu, ndani ya 25. Brashi ya ulaini mmoja haiwezi kufaa pote pawili!

Sasa rangi. Nilichukua kitone cha rangi katikati ya baka la shavuni nikapata nyekundu 205, kijani 150, buluu 115. Kando yake tu, kwenye ngozi ileile iliyo kivulini, nikapata 112, 86 na 72. Ukigawanya namba za kivuli kwa namba za jua, nyekundu inashuka hadi asilimia 55, kijani 57 na buluu 63. Umeona kwamba hazilingani? Baka limewashwa na jua lenye umanjano, ilhali kivuli kimewashwa na buluu ya anga pamoja na mwanga uliochujwa na majani mabichi. Anayechukua `Burn` akalisugua baka mpaka lififie anapunguza mwangaza tu na kuiacha rangi. Mwisho wake ni doa la rangi ya chungwa, lisilong’aa, lakini bado linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Kwa hiyo nilinakili leya ya picha na juu ya nakala nikafungua `Curves`, huku kisanduku cha `Merge filter` kikiwa hakina tiki. Kiasi cha mwanga huzidisha namba za rangi, hakijumlishi. Kwa hiyo kinachohitajika ni mstari ulionyooka unaoanzia sifuri, ila ncha yake ya juu kulia ishushwe. Asilimia zile, kabla ya kuzikadiria, nilizizidisha kwa 255 na kupata kimo cha kila ncha: nyekundu 139, kijani 146, buluu 160. Picha nzima ikawa giza lenye ubaridi kidogo, lakini ndani ya baka, ngozi ikawa ngozi ya kivulini kabisa! Vinyweleo vipo, mikunjo ya umri ipo, hata kovu dogo la kale chini ya jicho limebaki. Nikaongeza maski kwa kuchagua `Black (full transparency)`, na giza lote likatoweka likisubiri kupakwa mahali linapotakiwa.

Hapo ndipo `fx` inapoonyesha thamani yake. Nilipaka maski kwa brashi nyeupe yenye `Hardness` sifuri, kubwa kwa shavu na ndogo kwa kidevu, na ilipokamilika nikaona paji la uso limebaki na wekundu kidogo. Ningekuwa kwenye 2.10 ningeitupa ile leya, nitengeneze nyingine, kisha nihamishe maski. Hapa nilibofya `fx`, nikafungua `Curves` ileile, nikashusha ncha ya nyekundu kutoka 139 hadi 134 huku nikitazama uso mzima ukiwa tayari umepakwa. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yangu! Hayo ndiyo mazungumzo kati ya maski na rangi ambayo kazi hii imekuwa ikiyahitaji miaka yote, kwa sababu huwezi kujua kama rangi ni sahihi mpaka ukingo uwe sahihi, wala huwezi kujua kama ukingo ni sahihi mpaka rangi ilingane.

Ukingo wenyewe husema ukweli haraka. Ukiona uzi mwembamba unaong’aa kuzunguka pale palipokuwa na baka, maski yako ni ndogo, nawe umesahau kwamba mwanga ulikuwa unafifia taratibu. Ukiona pete nyeusi, umepaka kupita kiasi hadi kwenye ngozi ambayo tayari ilikuwa kivulini. Punguza picha mpaka uso uwe mdogo kama ukucha wa kidole gumba, kwa kuwa katika ukubwa huo pete huonekana hata pale ambapo ukikuza huoni kitu. Tena badili `Hardness` unapofika kwenye kingo za majani ya karibu. Usijipe moyo kwamba brashi laini itaficha kila kitu.

Baada ya hapo uso uko sawa kwa ujumla, ila bado una mawimbi hafifu, sehemu hii nyeusi kidogo na ile nyepesi kidogo. Hapa kuna chombo cha tangu 2.10 ambacho sasa kimepata mwenzi wake: `Wavelet decompose`, kilichomo chini ya `Enhance`. Tengeneza kwanza leya mpya kwa `New from Visible`, kisha kiache kiigawe leya hiyo katika ngazi tano. Ngazi za kwanza hubeba vinyweleo na mikunjo midogo, za mwisho hubeba maumbo makubwa zaidi, na leya iitwayo `Residual` hubeba mabadiliko mapana ya rangi na mwanga. Mawimbi yetu yamelala humo. Nilizungushia eneo la shavu kwa `Free Select` yenye ukingo uliolainishwa, nikatia `Gaussian Blur` kwenye `Residual` peke yake, na shavu likatulia bila hata kinyweleo kimoja kupotea. Ni ajabu kuitazama! Kwenye picha ambayo uso una pikseli 2000 au zaidi, ngazi tano hazitoshi, ongeza zifike angalau sita, la sivyo mabaka yatabaki ndani ya ngazi za kati ambako ukiyagusa unagusa na ngozi.

Kuwa na mpaka hapo. Kivuli cha pua na bonde chini ya shavu si mabaka, ndivyo vinavyoipa sura umbo lake. Usivuke mstari wa pua kwa zungusho moja. Shughulikia kila upande peke yake, vinginevyo bibi atatoka na uso bapa.

Na kuna kitu ambacho hakuna `fx` itakayokirudisha. Kwenye pua ya mjukuu palikuwa na baka ambamo nyekundu, kijani na buluu zote zilikuwa zimegonga 255. Ncha za `Curves` zilizishusha kwa utiifu kabisa, lakini kilichopatikana ni bapa la rangi moja lisilo na ngozi ndani yake, kwa kuwa kamera haikuandika chochote pale. Ngozi nyeusi mara nyingi huokoka, maana huakisi mwanga kidogo na haifiki ukomo upesi. Tatizo ni mng’ao wa jasho na mafuta, ambao huakisi jua lenyewe na hauna rangi ya ngozi. Kwenye pua ile nilichukua ngozi ya jirani kwa `Heal` na kuipandikiza. Ukipiga picha kwa faili la `RAW` una nafasi kubwa zaidi ya kuokoa sehemu kama hizo, ila fahamu kwamba GIMP haifungui faili hilo yenyewe. Inahitaji programu kama darktable au RawTherapee iwe imewekwa kwenye kompyuta hiyohiyo.

Toleo hili linakosa jambo moja ninalolitamani sana. Ukichagua eneo kisha ukaweka filta, eneo hilo linakuwa maski yake, lakini huwezi kuipaka upya kwa brashi. Ndiyo sababu nimetumia leya iliyonakiliwa na maski ya kawaida, na kwa faili kubwa mzigo wa kumbukumbu huongezeka. Vilevile `Wavelet decompose` hufanya kazi kwenye nakala iliyogandishwa, kwa hiyo ukirudi kuigeuza `Curves` baadaye, hatua ya mawimbi unaianza upya. Maliza rangi na ukingo kwanza.

Usisahau nguo na shingo. Niliwasha leya zote, uso wa bibi ukang’ara kwa usawa, lakini khanga yake ilikuwa bado na mabaka makali, na kichwa kikaonekana kimebandikwa kutoka picha nyingine. Nilinakili leya ya `Curves`, nikaipeleka juu ya leya zote, nikaijaza maski yake nyeusi, nikaipaka upya shingoni na mabegani tu, nikashusha `Opacity` hadi 50. Mabaka ya khanga yakapoa bila kufutika, na mtu akarudi chini ya mti wake. Nywele nimeziacha na jua lake lote.

Hifadhi kazi kama `XCF` kabla ya kuuza nje `JPEG`. Kwenye `JPEG` leya zote zinaungana, maski na `fx` hazipo tena, na mteja akikuambia kesho kwamba shavu limezidi giza kidogo, `XCF` ndiyo itakayokuwezesha kuzipandisha ncha zile tatu bila kupaka maski upya, ingawa hatua ya mawimbi utaianza tena.