Subira Isiyohesabu Sekunde

Nilibahatika kumtazama fundi mmoja wa programu za Android akishughulikia jaribio la skrini ya kuingilia. Jaribio lenyewe lilikuwa fupi: jaza namba ya simu na nywila, bonyeza kitufe, kisha hakikisha kitufe kimezimika, ili mtu asitume ombi lile lile mara mbili.

```kotlin
rule.onNodeWithTag("kitufe_ingia").performClick()
rule.onNodeWithTag("kitufe_ingia").assertIsNotEnabled()
```

Kwenye kompyuta yake lilipita. Kwenye mashine ya pamoja lilipita asubuhi, likaanguka mchana, na hakuna aliyegusa msimbo. Wenzake walikwisha kuliita kigeugeu, wakaweka katikati ya mistari hiyo miwili dawa waliyoizoea: `Thread.sleep(3000)`. Yeye aliifuta kwanza, ndipo akaanza kazi.

Kuna wakati kulala namna hiyo kulikuwa desturi. Kisha mwaka 2013 Google ikaitoa Espresso, na ndani yake wazo ninalolipenda hadi leo: usiguse skrini mpaka uzi mkuu wa programu utulie. Compose, iliyokomaa mwaka 2021, ilirithi adabu hiyo. Kabla ya kukagua chochote, husubiri skrini imalize kujichora upya. Lakini zana hizi husubiri kazi zinazozijua tu. Korutini iliyokwenda kusoma diski au kuita seva kwenye uzi mwingine haimo katika hesabu zao, isipokuwa umeitambulisha kwa `IdlingResource`. Skrini inaonekana imetulia, kumbe kazi bado inaendelea nyuma ya pazia.

Fundi alianza na seva. Jibu likirudi upesi, kitufe huwaka tena kabla ya jaribio kukitazama. Basi akaitoa seva ya kweli, akaweka ya bandia inayosubiri `CompletableDeferred`. Jibu likabaki mkononi mwa jaribio, lisitoke mpaka liamriwe. Maanguko yakapungua, ila hayakwisha. Hapo wengi wangesema inatosha. Yeye akasema kama sababu ingekuwa moja tu, lisingeanguka tena hata mara moja.

Akausoma msimbo wa skrini pole pole, kama msahihishaji asomavyo muswada. Kitufe kilipobonyezwa, korutini ilianza kwa kusoma mipangilio kutoka diskini, na baada ya hapo tu ndipo ilipoandika kwamba programu inasubiri. Katikati ya mguso na maandishi hayo kitufe kilikuwa wazi. Diski ikiwa nyepesi, mwanya huo haukuonekana. Mashine ikielemewa, ulitosha kuliangusha jaribio. Akaushika usomaji wa diski kama alivyolishika jibu la seva, akaendesha tena. Likaanguka. Akarudia, likaanguka, na kila aliporudia likaanguka vile vile, kwa ujumbe ule ule.

Sikuwahi kuona mtu akifurahia rangi nyekundu kiasi kile. Na alikuwa na haki, kwa sababu anguko linalokuja kila mara limekwisha kutaja chanzo chake. Tiba ilikuwa kuuhamisha mstari mmoja: hali ya kusubiri iandikwe papo hapo kitufe kinapobonyezwa, kabla korutini haijaanzishwa. Baada ya hapo jaribio likapita, diski ikishikwa au ikiachiwa, bila sekunde hata moja ya kulala.

Ona basi zile sekunde tatu zingefanya nini. Seva ikiwa imeshikwa, zingeipa diski muda wa kumaliza, kitufe kingezimika, na jaribio lingekuwa kijani daima. Kasoro ingebaki palepale, imefunikwa na jaribio lililoandikwa ili kuifichua. Baada ya seva kushikwa, kigeugeu hakikuwa jaribio. Kilikuwa programu yenyewe, na tangu hapo jaribio lilikuwa likisema kweli kila lilipoanguka.

Ndiyo maana nasikitika nikiona tunavyofanya siku hizi. Jaribio likianguka, mashine imeagizwa kuliendesha hadi mara tatu, na likipita mara moja tu linahesabiwa kuwa limepita. Kumbukumbu za maanguko yaliyotangulia hakuna anayezifungua. Tumeona uvivu huo kuwa busara, tukaupa mahali katika mipangilio ya kazi, na vijana wanaojifunza leo wanaukuta wakidhani ndiyo kazi yenyewe. Wanajua kuongeza muda wa `waitUntil`; kushika jibu na kuuliza ni nini kinachosubiriwa, wachache wamefundishwa. Na mwenye simu kongwe, iliyojaa picha, yenye diski inayosuasua, huyo hapewi nafasi tatu. Anabonyeza, haoni kitu, anabonyeza tena, na maombi mawili yamekwisha kwenda.