Jiwe Liko Chini ya B

Mwezi wa Julai, Lubumbashi, mwanga wa asubuhi huingia dirishani kwa mshazari, na hapo ndipo ninapoiweka kamusi ya Kiluba na Kifaransa ya Van Avermaet na Mbuya, iliyochapishwa Tervuren mwaka 1954. Taa ya simu naizima, maana huacha doa jeupe katikati ya ukurasa. Kila safu naipiga picha yake peke yake. Ukurasa mzima ukisomwa na kompyuta kwa pamoja, mstari wa kushoto huunganishwa na wa kulia, na mfano wa neno moja ukamalizikia kwenye tumbo la jingine.

Ukitafuta *dibwe*, yaani jiwe, chini ya D utatoka mikono mitupu. Kamusi hii hufuata mashina, kwa hiyo jiwe liko chini ya B, kwenye -bwe. Ndiyo sababu jedwali langu lina safu tatu pale ambapo wengine huweka moja: shina, umoja, wingi. -bwe, dibwe, mabwe. Baada yake huja aina ya neno, mfano, tafsiri na namba ya ukurasa.

Kwenye karatasi, macho huongozwa na umbo la herufi: nzito ni kidahizo, za mlazo ni maelezo mengine. Kompyuta ikishageuza picha kuwa maandishi, uzito huo hupotea, na neno la kwanza la mfano hujifanya kidahizo. Nani atalishtaki? Alfabeti. Naipitia safu ya mashina kutoka juu hadi chini kwa mpangilio wa kitabu, bila kuipanga upya. Siku moja nilikuta -hwe katikati ya B. Nilirudi kwenye picha: wino wa b ulikuwa umefifia tumboni, mashine ikaona h. Kwa kweli sijui msahihishaji mwingine asiyelipwa aliye makini hivi.

Lakini naye ana upofu wake. -bwe ikisomwa -bwa, hukaa karibu na mahali pake bila kupiga kelele. Hapo ni tafsiri tu, *pierre*, itakayonistua. Na kwenye jedwali lenyewe, mifano ina mikato mingi, kwa hiyo natenganisha safu kwa tabo, si kwa mkato, na faili nalihifadhi kwa UTF-8. Nikiona `Ã©` mahali pa é, najua limefunguliwa vibaya, na kabla sijahifadhi chochote nalifunga.

Alama ndogo za toni juu ya irabu ndizo hutoweka kwanza kwenye picha. Sizikisii. Naacha nafasi wazi, na Jumapili maneno hayo nampelekea jirani, mama mzee aliyekulia Kamina. Husema neno mara moja kwa haraka, kama sokoni, kisha polepole.

“Umesikia, mwanangu?”

Namwomba arudie, na kalamu yangu bado iko juu ya e.