Siku Ambazo Kipimo Hakioni

Mtu anapotoa damu katika kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa Tanzania mwaka 2004, hutolewa kiasi cha mililita 450, nazo huingia katika mfuko wenye dawa ya kuzuia damu isigande. Na papo hapo hujazwa vichupa vidogo vyenye namba ile ile ya mfuko. Vichupa hivyo ndivyo viendavyo maabara, hali mfuko wenyewe hutengwa na mifuko iliyokwisha kuruhusiwa, usitoke kwenda kwa mgonjwa yeyote mpaka majibu yapatikane. Maradhi yatafutwayo kwa kila mfuko ni manne: virusi vya ukimwi, homa ya ini ya aina B, homa ya ini ya aina C, na kaswende.

Katika njia moja iliyoenea ya kupima, huko maabara mna sahani ya plastiki yenye vijishimo 96, ambavyo kuta zake zimepakwa vipande vya kirusi kinachotafutwa. Majimaji ya damu yakitiwa humo, kingamwili, yaani wale askari ambao mwili huwaunda dhidi ya kirusi hicho, hunasa ukutani. Kisha sahani huoshwa ili kisichonasa kiondoke, hutiwa dawa ya kuwatambua walionasa, na mwishowe hutiwa dawa ya rangi, basi kijishimo chenye askari kikageuka manjano na kisicho nao kikabaki cheupe. Kikigeuka, kipimo hurudiwa mara mbili, na ikiwa hata mojawapo ya hizo mbili imegeuka, mfuko hutupwa bila kungoja uthibitisho. Kwani uthibitisho ni kwa ajili ya mtoaji, ajue yakini ya afya yake, bali mgonjwa hapewi damu yenye shaka.

Walakini kipimo hiki hakimtafuti mwizi. Huwatafuta askari waliotoka kumfukuza, na askari hawatoki siku ile ile aliyoingia mwizi. Kwa virusi vya ukimwi, kingamwili huonekana aghalabu baada ya siku 22 hivi tangu maambukizi. Muda huo ndio uitwao kipindi cha dirisha. Vipimo vitafutavyo kipande cha kirusi chenyewe huufupisha hata kufikia siku 16 hivi, na vile vitafutavyo chembe za urithi za kirusi huufikisha karibu na siku 11. Natutazame basi kijana aliyeambukizwa siku 14 kabla ya kulala kitandani pa kutolea damu: hana homa, hana dalili, na kijishimo chake kitabaki cheupe, kipimo cha kipande cha kirusi nacho huenda kikampita, na ni kile cha tatu tu kitakachomnasa. Angalikuja siku ya saba, yumkini vyote vitatu vingalimpita, na mfuko wake ungaliandikwa kuwa ni salama.

Hatari iliyobaki yaweza kukadiriwa kwa hesabu nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba katika kila watoaji 1,000 mmoja huambukizwa kila mwaka. Siku 22 ni takriban asilimia 6 ya mwaka. Kwa hiyo katika mifuko 100,000, kama 6 itakuwa imetolewa ndani ya dirisha. Tukinunua mitambo ya ghali tukalipunguza dirisha hadi siku 11, itabaki 3. Lakini tukiacha kipimo kile kile cha kwanza, tukawachagua watoaji ambao kwao maambukizi mapya ni mmoja katika 10,000, hautabaki hata mfuko mmoja kamili. Ama kwa hakika, ukomo wa kipimo hufidiwa na hadhari katika kuchagua mtoaji.

Ndiyo sababu atafutwaye ni mtoaji wa hiari, asiyelipwa, arejeaye mara kwa mara. Kwani huyu kila ajapo hupimwa upya, na hana la kumfanya afiche. Bali ndugu aliyeitwa wodini kutoa damu mgonjwa wake yu taabani, jamaa wote wakimtazama, si rahisi kwake kumkiria muuguzi mambo ya faragha. Na mrejeaji akigunduliwa na maradhi, daftari hufunuliwa nyuma, mfuko wake wa zamani ukafuatwa ulikokwenda, maana huenda ulitolewa ndani ya dirisha; na mfuko mmoja uliogawanywa kuwa seli nyekundu, utegili na chembe sahani waweza kuwa umewafikia watu watatu.

Basi msomaji, ukitaka kujua hali yako, nenda ukapimwe mahali pa kupimia, wala usitoe damu kwa nia hiyo. Na uulizwapo maswali ya faragha kabla ya kutoa, ujibu kwa ukweli, kwa kuwa katika siku zile ambazo kipimo hakioni, shahidi aliyebaki ni wewe peke yako.