Nani Aliyemuua Nyumbu?

Asubuhi ndani ya kreta ya Ngorongoro, magari ya wageni hukuta mara kwa mara tukio lile lile: simba wanakula nyumbu, na fisi wameketi pembeni wakingoja. Mgeni huuliza kuna nini, naye mwongozaji hujibu kama alivyosikia tangu utotoni, kwamba simba amewinda na fisi amekuja kudoea. Jibu hilo linapatana vizuri na hadithi za bibi zetu, ambamo fisi ni mlafi aliyepasuka msamba kwenye njia panda. Ila ndani ya kreta, mara nyingi si kweli.

Aliyetufumbua macho ni Hans Kruuk, mtafiti mzaliwa wa Uholanzi. Katika miaka ya 1960 alikesha akiwafuata fisi kwa gari, akitegemea mbalamwezi. Kitabu chake, The Spotted Hyena, kilitoka mwaka 1972. Humo anaonyesha kwamba fisi wa kreta hujiwindia sehemu kubwa ya chakula chao, tena usiku. Wakishaangusha nyumbu hupiga kelele na kucheka wakigombania nyama; simba huzisikia kelele hizo, huja, na kuwafukuza. Jua likichomoza, mwindaji ndiye anayengoja na mporaji ndiye anayekula. Wageni hushuka kretani asubuhi, kwa hiyo hukuta mwisho wa kisa na kudhani ndio mwanzo.

Hapa ndipo ninapoona uzuri wa kazi ya mwongozaji anayesoma. Hamkariri Kruuk, anachukua darubini na kukagua. Huanza na fisi wenyewe: je, nyuso na shingo zao zina damu, matumbo yao yametuna? Fisi aliyekuja kudoea hana sababu ya kuwa na damu kabla hajafika mezani. Kisha hutazama koo la nyumbu. Simba humuua mnyama mkubwa kwa kumkaba koo, au kwa kumfunika pua na mdomo hadi akose pumzi, na meno yake huacha matundu. Fisi hawakabi. Humkimbiza nyumbu wakimng'ata miguu na kiuno, kisha humpasua tumbo akiwa bado hai. Koo zima na fisi wenye damu ni ushahidi mzuri dhidi ya simba. Lakini simba naye huanza kula tumboni, na mzoga ukishaliwa nusu alama hupotea. Hapo mwongozaji mwaminifu huwaambia wageni kwamba ushahidi umekwisha, wala hatungi kisa cha kuwafurahisha.

Kitabu hicho kina mipaka, na msomaji mzuri huitafuta. Kwanza ni mipaka ya mahali. Nyumbu wengi wa kreta hukaa humo mwaka mzima, na kila ukoo wa fisi hulinda eneo lake. Serengeti nyumbu huhama, fisi husafiri mbali kuwafuata, na mizoga waliyoiokota huwa sehemu kubwa zaidi ya chakula chao. Anayeichukua hesabu ya kreta na kwenda nayo Serengeti atapotosha watu.

Pili ni mipaka ya wakati, na kwa hiyo kinahitajika kitabu cha pili. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika Ngorongoro: The Eighth Wonder. Alikuwapo mwaka 1962, wakati mvua kubwa zilipoleta nzi wanaouma kwa wingi usio wa kawaida, wakawadhoofisha simba hadi wakabaki takriban 10 kati ya zaidi ya 60. Kwa hiyo Kruuk alipokuwa akikesha, simba wa kreta walikuwa bado wanajijenga upya. Vitabu viwili vikiwekwa pamoja, tukio la asubuhi linapata historia yake. Fosbrooke anamsaidia mwongozaji kwa jambo jingine pia, kwani anaeleza kuhusu Wamaasai waliohamishwa kutoka Serengeti hadi Ngorongoro hifadhi hizo mbili zilipotenganishwa mwaka 1959. Mgeni anayeshangaa kuona ng'ombe karibu na pundamilia anastahili kuambiwa habari hiyo.

Na fisi huyo huyo anaufungua mlango wa utamaduni. Zamani Wamaasai waliwaacha wafu wao wengi porini ili wachukuliwe na fisi. Kuzikwa kulikuwa kwa watu wachache wenye heshima kubwa. Jambo hili halisemwi kwa kukurupuka wageni wakiwa na kamera mkononi. Kabla ya kulisimulia, mwongozaji humwendea mzee wa boma, humwamkia ipasavyo, na kumuuliza: hapa kwenu ilikuwaje, iliachwa lini, na mimi niseme kwa maneno gani? Vitabu vingi juu ya Wamaasai viliandikwa na wageni, na mzee huweza kusahihisha ukurasa mzima kwa sentensi mbili. Masahihisho hayo huandikwa kwa penseli pembezoni mwa kitabu, pamoja na mwaka na jina la kijiji, maana boma la pili huenda likasema vingine.